Jina hawaulizi, wodi wanauliza

Kila dodoso la utafiti la mtandaoni lina ukurasa mmoja ambao karibu kila mtu anaupita mbio. Ni ule wa mwanzo, wenye kichwa cha utafiti, jina la mtafiti, aya nne tano za maelezo na chini kabisa kisanduku cha kuweka tiki: "Nimesoma, nimeelewa, nakubali kushiriki." Mtu aliyetumiwa linki kwenye kundi la WhatsApp la kazini huteleza na kidole mpaka chini, anaweka tiki, anaanza kujibu. Hata anayejitahidi kusoma, jicho lake linatafuta sentensi moja tu: "Hatutakusanya jina lako." Akiiona, anatulia.

Mimi nasema sentensi hiyo ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote zilizopo pale. Mtafiti hana kazi na jina. Hesabu anazokwenda kufanya hazihitaji safu ya majina, kwa hiyo kuahidi kutolichukua hakumgharimu kitu. Kinachomtambulisha mshiriki ni majibu madogo madogo yanayoombwa ukurasa unaofuata, kwenye sehemu ambayo kwa kawaida huitwa "Taarifa za awali": jinsia, umri, elimu, mahali pa kazi, hali ya ndoa. Ndiyo maana ukurasa wa ridhaa ukisomwa peke yake unadanganya, hata kama hakuna neno la uongo ndani yake. Unatakiwa usomwe ukiwa umeshayaona maswali hayo, na uamuzi wa kutoa taarifa ufanyike swali kwa swali.

Tuchukue mfano. Nimeutunga, lakini aliyewahi kufanya kazi hospitali za wilaya ataona haukutoka mbali. Hospitali ina wauguzi 84. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anachunguza uchovu wa kazi na afya ya akili ya wauguzi. Ametengeneza dodoso kwenye Google Forms, kampa linki matroni, na matroni kaitupia kwenye kundi. Ukurasa wa ridhaa unasema utafiti umepata kibali cha kamati ya maadili, kushiriki ni hiari, jina halitaulizwa, majibu yatakuwa siri, mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, na takwimu zitatunzwa miaka mitano kwenye kompyuta yenye nywila. Ni ukurasa mzuri tu. Nimeona vibaya zaidi ya huo kutoka kwa watu wenye vyeo vikubwa.

Anayejibu ni muuguzi wa kiume wa wodi ya wazazi, mwenye shahada. Swali la kwanza ni jinsia. Wauguzi wa kiume hospitalini hapo ni 22, kwa hiyo kwa jibu moja ametoka kwenye kundi la watu 84 na kuingia kwenye kundi la watu 22. Swali la pili ni wodi. Wanaume wanaofanya kazi wodi ya wazazi ni watatu. Swali la tatu ni kiwango cha elimu: wenzake wawili wana stashahada, yeye ndiye mwenye shahada. Amebaki peke yake, na bado hajaulizwa mwaka wa kuzaliwa, miaka kazini wala kama ameoa. Kuanzia hapo kila atakachojibu kina mwenyewe.

Na maswali yanayofuata si mepesi. Utafiti wa afya ya akili mara nyingi hutumia PHQ-9, kipimo cha maswali tisa ya dalili za sonona ambacho kipo pia kwa Kiswahili. Kila swali hujibiwa kwa alama 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la tisa linauliza kama katika wiki mbili zilizopita mtu amewahi kuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Muuguzi wetu, aliyetulizwa na ile sentensi ya jina, anajibu kwa ukweli. Faili likifika kwenye kompyuta ya mtafiti, mstari wake unasomeka hivi: mwanaume, wodi ya wazazi, shahada, PHQ-9 alama 16, swali la tisa alama 1. Mtafiti aliye mji mwingine huenda asimjue. Lakini matokeo yakirudishwa hospitalini kama jedwali la kila wodi kwa jinsia, au msimamizi akiomba "takwimu ghafi za kituo chetu ili tuzifanyie kazi", yeyote anayeijua orodha ya zamu anamjua.

Jambo hili lina historia. Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za hospitali za watumishi wa serikali zikiwa zimeondolewa majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua daftari la wapigakura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akalilinganisha na kumbukumbu zile. Gavana wa jimbo, William Weld, aliishi mji huo. Watu sita walikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu aliishi kwenye eneo lake la posta. Sweeney akawa ameipata kumbukumbu ya matibabu ya gavana. Baadaye alikadiria kwamba tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vinatosha kumtenga mmoja mmoja kwa asilimia 87 ya Wamarekani. Mtafiti mwingine, Philippe Golle, alipoirudia hesabu hiyo kwa sensa ya mwaka 2000 alipata asilimia 63. Hata ukichukua namba ndogo, bado ni zaidi ya nusu.

Sisi hatuna mazoea ya namba za posta, lakini tuna kata, na dodoso nyingi huuliza kata. Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye bahasha. Chukua kata yenye watu wazima 7,500 wa miaka 18 hadi 59. Hiyo ni miaka 42 ya kuzaliwa, kila mwaka una siku 365, na kila siku ina wanaume na wanawake. Zidisha, upate vyumba 30,660. Watu 7,500 wakigawanywa kwenye vyumba 30,660, wengi watakuwa chumbani peke yao. Sasa badilisha kitu kimoja: badala ya tarehe kamili, uliza mwaka tu. Vyumba vinashuka kuwa 84, na kila kimoja kinabeba wastani wa watu karibu 90. Mtafiti wa afya ya akili hapotezi chochote kwa kujua mwaka bila siku, kwa kuwa hakuna uchambuzi wake unaotegemea kama ulizaliwa tarehe 3 au 23. (Wale ambao siku zao halisi hazikuandikwa wakasajiliwa tarehe 1 Januari wamejificha vizuri zaidi yetu, pasipo kukusudia.)

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya nikifungua dodoso ni kwenda ukurasa wa pili kabla ya kuuamini wa kwanza, fomu ikiruhusu. Na hapa panahitaji tahadhari ya kiufundi ambayo ukurasa wa ridhaa hausemi. Sentensi "unaweza kuacha wakati wowote" haina maana moja kwenye kila mfumo. Kwenye Google Forms, usipobonyeza kitufe cha kutuma, mtafiti hapati kitu. Unaweza kuchungulia, ukafunga, mambo yakaishia hapo. Kwenye Qualtrics na LimeSurvey, ambazo vyuo vingi vya nje hutumia, kila unapobonyeza kwenda ukurasa unaofuata majibu ya ukurasa uliopita huwa yameshafika kwenye seva, na mtafiti anaweza kuyatunza kama majibu nusu. Aliyejaza taarifa za awali, akaona maswali yamekuwa mazito, akafunga simu akidhani amejitoa, huenda ameacha huko nyuma mstari wenye jinsia, wodi na elimu yake. Mtafiti makini huandika waziwazi kwenye ukurasa wa ridhaa majibu nusu yatafanywa nini. Asipoandika, chukulia yanabaki.

Kuna pia taarifa ambazo hazina swali. Qualtrics, mtafiti asipowasha kipengele cha kuficha utambulisho, hurekodi anwani ya IP na makadirio ya mahali ulipo. Linki yenyewe nayo inasema mengi. Ukitumiwa linki kwa barua pepe, itazame mwisho wake kabla ya kuibonyeza. Ikiishia hivi:

```
...?token=8fk2m9x
...?Q_DL=...&Q_CHL=email
```

maana yake ni kwamba linki hiyo inaweza kuwa yako peke yako, na mfumo unajua ni ya nani. Si lazima iwe hila. Linki ya mtu mmoja humsaidia mtafiti kujua nani hajajibu ili amkumbushe, na kuzuia mtu mmoja kujibu mara kumi. Ila linki ya namna hiyo haikai pamoja na ahadi ya "hatuwezi kujua nani amejibu nini", mpaka ukurasa ueleze jinsi mfumo unavyotenganisha orodha ya waalikwa na majibu yao. Linki iliyotupwa kwenye kundi, ileile kwa wote, haina tatizo hilo.

Kwenye Google Forms angalia juu ya fomu, pale inapoonekana anwani ya barua pepe yako. Kama pembeni au chini yake pameandikwa `Not shared`, barua pepe haiendi kwa mtafiti. Inaonekana kwa sababu tu umeingia kwenye akaunti yako. Ukikuta kisanduku kinachoanza na `Record` kikifuatiwa na barua pepe yako na maneno `as the email to be included with my response`, basi barua pepe inakwenda, hata kama ukurasa wa ridhaa umeapa kwamba hakuna kitambulisho kinachochukuliwa. Mara nyingi huo ni uzembe na wala si ubaya. Mwanafunzi alinakili fomu ya zamani, mpangilio ukabaki. Lakini wewe huwajibiki kulipia uzembe wa mtu.

Nikishaona maswali na linki, narudi kwenye ukurasa wa ridhaa kutafuta ahadi zisizoweza kukaa nyumba moja. Hapo ndipo ukurasa unapojianika.

Ya kwanza ni ahadi ya kutotambulika pamoja na ahadi ya kujitoa baadaye. Kama kweli hakuna ajuaye mstari upi ni wako, basi baada ya kutuma hakuna awezaye kuufuta. Ukimwandikia mtafiti "naomba majibu yangu yaondolewe", atauliza: yapi? Ukurasa mkweli husema: unaweza kujitoa mpaka pale unapobonyeza kutuma, baada ya hapo haiwezekani. Au hukupa njia, kwa mfano kukutaka ujitungie namba ya siri mwanzoni mwa dodoso, ambayo utaitaja ukitaka kufutiwa. Ukurasa unaoahidi yote mawili bila njia yoyote umenakiliwa mahali bila kufikiriwa, au mtafiti anaweza kukutambua na hajasema.

Ya pili inaumiza zaidi, nayo inarudi kwenye lile swali la tisa. Ukurasa ukisema majibu hayana utambulisho, halafu aya mbili chini ukasema mshiriki atakayeonekana yuko hatarini atafuatiliwa apewe msaada, jiulize atafuatiliwa vipi. Ama watakufuata kwa sababu wanakujua, ama hawatakufuata na maneno hayo yamewekwa kuifurahisha kamati. Kwa utafiti usio na utambulisho, kinachotakiwa ni namba ya simu ya huduma au kituo cha kwenda, viwekwe kwenye ukurasa wa ridhaa na tena mwisho wa dodoso, ili mwenye kuhitaji aende mwenyewe. Muuguzi anayejibu saa nane usiku akiwa zamu asiachwe akiamini kuna mtu anayasoma majibu yake.

Ya tatu ni zawadi. "Washiriki watapewa vocha ya shilingi 5,000, andika namba yako ya simu hapa." Namba ya simu imesajiliwa kwa alama ya kidole na jina lako lote. Ikikaa kwenye fomu ileile yenye majibu, maneno yote ya usiri yameshapita. Njia safi inajulikana na haina gharama: ukimaliza dodoso, unapewa linki ya fomu nyingine, tofauti kabisa, ya kuandika namba peke yake. Mtafiti anabaki na majibu yasiyo na namba na namba zisizo na majibu. Namba ikiulizwa ndani ya dodoso, mimi huiacha wazi na vocha ikae. Sitamlaumu anayeijaza, shilingi elfu tano ni bando la siku kadhaa, ila ajue anauza nini.

Inafuata habari ya mahali taarifa zinakokwenda. Sentensi ya "miaka mitano kwenye kompyuta yenye nywila" imekuwa kama dua ya kufungia ukurasa. Siku hizi majarida na wafadhili wengi wanataka takwimu ziwekwe kwenye hazina ya wazi ili watafiti wengine wazihakiki. Ni jambo jema kwa sayansi, na nisingependa lipigwe vita. Lakini ukurasa unaosema zitaharibiwa baada ya miaka mitano, kisha ukasema "zinaweza kutumika katika tafiti nyingine zijazo", unazungumza na mshiriki kwa midomo miwili. Kitu kikishawekwa hadharani hakina tarehe ya kuharibiwa.

Na kwenye hazina za wazi ndipo wachache wanapoumbuka. Mwaka 2008 watafiti walitoa hadharani takwimu za Facebook za wanafunzi zaidi ya 1,600 wa chuo kimoja cha Marekani, bila majina na bila kutaja chuo. Haikuchukua muda chuo kikajulikana kuwa Harvard, kwa kusoma tu maelezo yaliyoambatana na takwimu hizo, yakiwamo majina ya masomo ambayo vyuo vichache vinayafundisha. Michael Zimmer, aliyeichambua kadhia hiyo, alionyesha pia kwamba baadhi ya uraia uliotajwa mle ulikuwa na mwanafunzi mmoja mmoja tu. Takwimu ziliondolewa. Mtanzania aliye peke yake kwenye idara ya chuo fulani Ulaya, au Mburundi peke yake kwenye kampuni huko Muscat, atafakari hilo kabla ya kujaza "nchi unayotoka". Kwenye dodoso la watu 300, jibu lake ni jina.

Sasa muuguzi wetu afanye nini? Wapo watakaosema afunge fomu. Sikubaliani nao. Uchovu wa wauguzi ni jambo la kweli, na asipojibu mwenye shida, takwimu zitajazwa na wasio na shida. Wapo watakaosema adanganye: ajiandike mwanamke, wodi ya upasuaji. Hilo ni baya zaidi ya kukataa. Jibu lililoachwa wazi mtafiti analiona na analifanyia hesabu. Jibu la uongo halionekani, linaingia kwenye wastani wa wodi ambayo hahusiki nayo, na likiwa la mtu mmoja kati ya wachache linaweza kugeuza picha ya wodi nzima.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi kubwa. Ajiulize kila swali la awali linafanya kazi gani katika utafiti huu. Miaka kazini inahusiana na uchovu, aitoe, hasa kama inaulizwa kwa makundi: chini ya mitano, mitano hadi kumi, zaidi ya kumi. Jinsia nayo ina sababu. Wodi inaweza kuwa na sababu pia, kwa kuwa uzito wa kazi wodi ya wazazi si sawa na wa kliniki ya macho. Lakini wodi, jinsia na elimu kwa pamoja ndizo zilizomwacha peke yake, kwa hiyo moja lazima iachwe. Mimi ningeacha wodi. Akiiacha, anabaki mwanaume mwenye shahada kati ya wanaume 22. Tuseme wenye shahada kati yao ni 7. Si kichaka kikubwa, ila ni kichaka. Watoaji wa takwimu wengi hawaruhusu jedwali lenye kisanduku cha watu chini ya 5, wengine chini ya 10, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka wa kuzaliwa angeuandika kama kungekuwa na makundi ya umri. Ukiulizwa kamili, unaweza kuwavunja tena wale saba wakawa mmoja mmoja, basi nao auache. Kwenye hali ya ndoa asione haya kuacha, maana sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu kabisa kuwa taarifa nyeti, pamoja na afya, kabila na mali.

Penye nyota nyekundu ya lazima na hakuna chaguo la "sipendi kusema", mtafiti ameivunja ahadi yake mwenyewe ya hiari. Hiari haiishii kwenye kuingia, inafika mpaka kwenye kila swali.

Niongeze habari ya kisanduku cha mwisho, kile kinachosema "Una lolote la kuongeza?" Hapo ndipo watu waliojilinda vizuri maswali arobaini hujitoa mzimamzima. Wanaandika: "Tangu nihamishwe kutoka theatre mwezi wa tatu baada ya kugombana na mkuu wa zamu..." Habari hiyo haihitaji jina wala wodi. Na maoni ya namna hiyo ndiyo yanayonukuliwa neno kwa neno kwenye ripoti, kwa kuwa yana ladha. Anayetaka kuandika aandike hali ilivyo: zamu za usiku mfululizo, wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini. Tukio lenye tarehe na mtu mwingine ndani yake abaki nalo.

Limebaki suala la matroni. Ukurasa unasema hiari, lakini linki imeletwa na bosi, na bosi kaandika chini yake: "Ukimaliza tuma skrinishoti hapa." Sijui kama kuna kamati ya maadili ingepitisha hilo ikiliona, ila kamati haimo kwenye kundi la WhatsApp. Skrinishoti inamwambia matroni nani amejibu na saa ngapi, na majibu ya Google Forms huingia kwenye jedwali yakiwa na saa na dakika. Vitu hivyo viwili vikikutana mkononi mwa mtu mmoja, kila mstari unapata mwenyewe bila kuuliza swali hata moja. Anayelazimika kutuma ithibati aikawize, aitume jioni pamoja na wenzake.

Kuhusu kibali, ukurasa wa heshima unataja namba yake na kamati iliyokitoa. Tanzania Bara, utafiti wa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na namba zake huanza na `NIMR/HQ/R.8a`. Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, huanza na `NACOSTI/P/` na huwa na msimbo wa QR wa kuihakiki. Kuiona namba hakutoshi, kwani yeyote anaweza kuichapa. Ukiwa na shaka, tafuta simu au barua pepe ya kamati kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, siyo ile iliyoandikwa kwenye dodoso, uulize kama namba hiyo ni ya utafiti huo. Mtafiti akiwa wa chuo cha Ulaya, sheria ya data ya huko iliyoanza kutumika Mei 2018 inambana hata kama washiriki wote wako Dodoma. Na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Hivyo vyote lakini ni vya baada ya jambo kuharibika.

Kabla halijaharibika kuna ujumbe mfupi kwa mtafiti, kupitia anwani iliyopo kwenye ukurasa wa ridhaa. Muuguzi wetu si lazima autume kwa barua pepe yenye jina lake. Aulize mambo mawili tu: je, takwimu zitatolewa kwa hospitali kwa mgawanyo wa wodi, na je, swali la wodi linaweza kuondolewa ulazima? Mtafiti anayejibu "usijali, kila kitu ni siri" hajajibu. Anayejibu kwamba wodi zenye watu wachache zitaunganishwa kabla ya ripoti kwenda kokote, na kwamba hospitali haitapewa takwimu ghafi, ameonyesha kwamba alishalifikiria. Na akiiondoa ile nyota nyekundu, kazi yake ni ya dakika moja kwenye mpangilio wa fomu, na wale wauguzi wawili wa kiume wenye stashahada wa wodi ya wazazi, ambao hawakuuliza chochote, nao wanapata nafasi ya kuliruka swali hilo.